Video ya matembezi ya jengo: kotesheni mbili, na ipi ya kusaini

Kotesheni A inasema shilingi 2,600,000. Kotesheni B inasema 3,900,000. Zote mbili ni za kazi moja: video ya sekunde 90 inayomtembeza mtazamaji kuanzia getini, kuzunguka jengo la ghorofa sita, kupita mapokezi, kuingia fleti ya mfano na kumalizia kwenye roshani inayotazama bahari. Jengo ni la Mbezi Beach, Dar es Salaam, na mpaka sasa lipo kwenye ramani tu. Mwenye mradi anataka kuanza kuuza fleti kwenye maonesho ya Sabasaba, ambayo kwa kawaida hufunguliwa Juni 28. Leo ni katikati ya Mei.

Waliotuma kotesheni hizi ni watu wawili wanaojitegemea, kila mmoja na vifaa vyake nyumbani. Bei na vipimo nilivyoweka hapa ni vya mfano. Mpangilio wa nyaraka zenyewe, na mambo yanayosahaulika ndani yake, ni yale yale ninayoyakuta kila ninapoagiza video hizi kwa niaba ya ofisi ya usanifu.

Mwenye mradi akipewa karatasi mbili atakimbilia mstari wa chini na kusema A ni nafuu kwa milioni moja na laki tatu. Simlaumu. Lakini jumla ndiyo sehemu isiyoeleza sana. Cha kutafuta ni hiki: kitu kikibadilika baada ya video kurendwa, yaani kompyuta ikishaikokotoa picha kwa picha, saa za kompyuta zitakazotumika kurudia analipia nani, na je, saa hizo zitakuwepo kabla ya Juni 28?

Kwa ufupi, karatasi zenyewe zinasema hivi:

| | Kotesheni A | Kotesheni B |
|---|---|---|
| Programu | Lumion | Blender, injini ya Cycles |
| Bei | 2,600,000 | 3,900,000 |
| Urefu na ukubwa | "Sekunde 90, HD" | Sekunde 90, fremu 25 kwa sekunde, 1920 × 1080 |
| Marekebisho | "Madogo, bila kikomo, mpaka mteja aridhike" | Raundi 3, kila moja kwenye hatua yake |
| Muda wa kurenda | Haukutajwa | Saa 300 za mashine, mashine 3, siku 5, kisha akiba ya siku 2 juu yake |
| Kurenda upya | Haikutajwa | Fremu 200 bure, zaidi ya hapo 600 kwa fremu |
| Mabadiliko ya ramani | Hayakutajwa | 30,000 kwa saa, pamoja na fremu zitakazorendwa upya |
| Malipo | 70% mwanzo, 30% mwisho | 40%, 30%, 30% |

Ukiitazama harakaharaka, A inaonekana rafiki na B inaonekana kama karatasi ya wakili. Tuifungue mistari miwili iliyobeba uzito wote.

Saa za kurenda

Video ni picha nyingi zinazopita haraka. Kwa fremu 25 kila sekunde, sekunde 90 ni fremu 2,250, na kila moja lazima kompyuta iikokotoe mpaka iwe picha kamili. Hapo ndipo njia za hawa wawili zinapoachana.

Lumion imejengwa kwa ajili ya mwendo. Inatumia kadi ya michoro kukadiria mwanga kwa njia za mkato, na mashine nzuri inaweza kutoa fremu kwa sekunde chache mpaka nusu dakika, kutegemea ubora uliochaguliwa. Tukichukua sekunde 20 kwa fremu, video nzima inatoka kwa saa 12 na nusu. Unaiwasha jioni, asubuhi ipo.

Cycles inafuatilia miali ya mwanga inavyodunda kutoka ukuta hadi sakafu hadi dari. Ndiyo maana kivuli chini ya kochi kinakaa kama kivuli, na kioo cha mapokezi kinaonesha kilichopo nyuma yako. Gharama yake ni muda. Mtengenezaji wa B amekadiria dakika 6 kwa fremu za nje na dakika 10 kwa fremu za ndani. Ndani ni pazito zaidi kwa sababu mwanga unaingia kupitia dirisha tu na kudunda mara nyingi kabla ya kufika kila kona. Nusu ya video ni nje na nusu ni ndani, hivyo wastani ni dakika 8. Fremu 2,250 kwa dakika 8 ni dakika 18,000, yaani saa 300. Kwa mashine moja hizo ni siku 12 na nusu bila kuzima. Kwa mashine tatu ni siku nne na kidogo, na ndiyo maana ameandika tano.

Kwa hiyo kile kinachomchukua A usiku mmoja, B kingemchukua karibu wiki mbili kwa mashine moja. Tofauti hii haimaanishi kuwa B ni mzembe au A ni hodari. Ni injini mbili zenye tabia mbili, na kila kifungu cha marekebisho kinapaswa kusomwa kwa jicho hilo. A anaweza kuahidi "bila kikomo" kwa sababu kurudia kunamgharimu usingizi wa kompyuta moja. B akiahidi hivyo atafilisika.

Watu wengi wakiona shilingi 600 kwa fremu huuliza kama ni umeme wa dhahabu. Swali hilo lina jibu la hesabu. Mashine inayotumia wati 600 kwa dakika 8 inakula uniti 0.08. Kwa bei ya takriban shilingi 350 kwa uniti, hiyo ni shilingi 28. Umeme wa video nzima, saa 300, ni uniti 180, kama shilingi 63,000. Kinachouzwa kwenye zile 600 ni mashine kushikwa. Kwa siku tano kompyuta tatu hazifanyi kazi ya mteja mwingine, na mwenyewe anaamka usiku kuangalia kama fremu zimetoka safi. Mimi naiona bei hiyo ni ya haki, na zaidi ya yote napenda kuwa imeandikwa kabla ya ugomvi.

Ila namba za B bado ni makadirio yake mwenyewe. Usizikubali kwa neno. Mwombe fremu za majaribio tano: moja ya nje mchana, moja yenye miti mingi, moja ya mapokezi yenye kioo, moja ya sebule, na moja ya korido yenye giza. Mwambie awashe maandishi ya muda ndani ya picha. Kwenye Blender yapo sehemu ya `Output Properties`, chini ya `Metadata`, ukiweka tiki kwenye `Render Time` na `Burn Into Image`. Anayetumia V-Ray ana kitu kama hicho, na mstari wake unaandikwa hivi:

```
frame: %frame | render time: %rendertime
```

Ukipata picha tano zenye muda wake chini, unapiga wastani mwenyewe. Kama korido imechukua dakika 24 badala ya 10, umejua leo na si Juni 20. Majani pia yanadanganya sana. Mnazi mmoja karibu na kamera unaweza kuongeza muda wa fremu nzima, na video ya Mbezi Beach bila minazi sidhani kama mwenye mradi ataikubali.

Kwa A jaribio ni tofauti kidogo. Muda wake hauna shida, shida ni picha inayotembea. Mwombe klipu ya sekunde tatu kamera ikipita mbele ya vioo vya mapokezi. Kwenye njia za mkato za mwanga, kitu kikitoka nje ya upeo wa kamera, taswira yake kwenye vioo nayo hutoweka ghafla, na jicho linaliona hilo kwenye video hata kama picha iliyosimama ilikuwa nzuri mno. Lumion tangu toleo la 2023 ina uwezo wa kufuatilia miali, na hilo hupunguza sana tatizo, lakini linaongeza muda na linahitaji kadi inayoliweza. Muulize anatumia toleo gani na kama zile sekunde 20 ni pamoja na uwezo huo au bila.

Na B naye asitoke bila klipu. Fremu zake zikisafishwa chembechembe moja moja, kila picha peke yake itaonekana safi, lakini zikipita kwa mfuatano kona zenye giza huanza kuchemka kama maji. Klipu ya sekunde mbili kutoka korido ni fremu 50. Kwa dakika 10 kila moja ni saa nane na ushee, usiku mmoja wa mashine moja. Anayekataa kutoa usiku mmoja kabla ya kupewa milioni nne, mimi ningeuliza kwa nini.

"Bila kikomo" ina kikomo

Mstari unaouza kotesheni A ni ule wa marekebisho bila kikomo. Usome tena, polepole: "marekebisho *madogo*, bila kikomo". Nani anapima udogo? Kubadilisha rangi ya ukuta ni dogo kwa mkono, ni kubofya mara mbili. Lakini kama ukuta huo unaonekana kwenye nusu ya video, nusu ya video inarendwa upya. Kusogeza kamera kidogo kushoto ni dogo pia, mpaka igundulike kwamba upande wa kushoto hapakuwahi kuchorwa kitu. Na kuongeza roshani ghorofa ya tatu mwenye mradi anaiona ndogo kwa sababu kwenye ramani ni mistari minne.

Siku ya kwanza na ya pili kijana wa A atafanya kwa moyo mmoja. Ikifika mara ya saba, huku asilimia 70 ya pesa ameshapokea, simu zitaanza kuchelewa kupokelewa. Hajaiba. Ameishiwa na faida tu, na karatasi haimpi njia ya kusema "hapa bosi inabidi uongeze". Ahadi isiyo na kipimo inamwumiza aliyeitoa kwanza, kisha inamrudia aliyeipokea.

B amefunga raundi tatu kwenye hatua tatu. Raundi ya kwanza ni ya umbo na njia ya kamera: unapewa video nzima ya kijivu, haina rangi wala mwanga wa maana, imetoka kwa dakika chache. Hapo ndipo unasema kamera inakimbia kwenye ngazi, au fleti ionekane kabla ya roshani. Raundi ya pili ni ya rangi, vifaa na mwanga, kwenye picha nane zilizosimama. Raundi ya tatu ni baada ya video kamili, na hiyo inahusu dosari tu: kitasa kinachoelea, gari linalopita ndani ya ukuta, maandishi yaliyokosewa kwenye bango. Kwa hatua hiyo ametoa fremu 200 za bure, ambazo ni sekunde nane za video.

Mpangilio huo una akili. Unakulazimisha uamue mambo ya bei rahisi yakiwa bado rahisi. Rangi ya jiwe la ukuta ikibadilishwa kwenye raundi ya pili ni picha chache za kurudia. Ikibadilishwa baada ya raundi ya tatu ni siku.

Hata hivyo kuna pengo kwenye B ambalo ningeliziba kabla ya kusaini. Haijaeleza raundi *ni nini*. Kwenye miradi yetu maoni huja kwenye kundi la WhatsApp. Mshauri wa mauzo anatuma picha yenye duara jekundu saa tatu usiku, mwenye mradi anatuma sauti ya dakika mbili akiwa kwenye foleni Mwenge, na mbia wake aliyekuwa safarini anaibuka Jumatatu na kusema yeye hakuwahi kuulizwa. Je, hiyo ni raundi moja au tatu? Bila maelezo, mtengenezaji atahesabu tatu na mteja atahesabu moja, na wote watakuwa na haki.

Kifungu ninachoongeza ni hiki: raundi moja ni orodha moja iliyoandikwa, iliyotumwa mara moja na mtu mmoja aliyetajwa jina, ndani ya siku tatu za kazi baada ya kupokea rasimu. Kinachokuja baadaye kinasubiri raundi inayofuata. Na orodha yenyewe iandikwe kwa namna inayoweza kutekelezwa. Sauti ya mwenye mradi inasema, "Ule ukuta wa mbele bwana umepoa mno, uchangamshe kidogo." Ofisi inaigeuza kuwa: "Klipu ya 3, 00:21 hadi 00:26, ukuta wa jiwe ghorofa ya chini. Badala ya kijivu cha sasa, tumia rangi ya RAL 7044, jiwe lisilong'aa. Picha ya mfano imeambatanishwa." Kazi hiyo ya kugeuza ni yetu sisi tulioagiza. Tukimwachia mtengenezaji akisie "kuchangamka" ni rangi gani, tumepoteza raundi moja bure.

Kifungu cha pili, na hiki hakimo kwenye kotesheni yoyote kati ya hizi: kosa la mtengenezaji si marekebisho. Kama ramani inaonesha dirisha la mita 1.8 na yeye ameweka la mita 1.2, anarekebisha kwa gharama yake na raundi haihesabiwi. Ili hilo lipimike, karatasi itaje ramani ipi ndiyo msingi: toleo na tarehe yake. "Kama ramani zilivyotumwa" haitoshi, maana mpaka Juni ofisi itakuwa imetuma matoleo manne.

Mabadiliko matatu, kwenye karatasi zote mbili

Tuziweke kotesheni kwenye kazi. Tuseme ni Juni 20, video kamili ipo mezani, na yanakuja mambo matatu. Jiwe la nje linabadilishwa rangi kwa sababu muuzaji hana lile la kwanza. Vigae vya mapokezi vinabadilishwa, na vinaonekana kwa sekunde 14. Na roshani moja inaongezwa upande wa bahari, kwa sababu mshauri wa mauzo ameona fleti hiyo haitauzika bila roshani.

Kwa B hesabu inatoka yenyewe. Jiwe linagusa fremu zote za nje, 1,125. Vigae ni sekunde 14, fremu 350. Roshani inaonekana kwenye fremu zile zile za nje, kwa hiyo haiongezi fremu ikifanywa pamoja na jiwe, inaongeza tu kuchora. Tuweke saa sita za kuchora, 180,000. Jumla ya fremu ni 1,475, toa 200 za bure, zinabaki 1,275 kwa 600, yaani 765,000. Nyongeza yote ni 945,000 na video inafika 4,845,000. Muda: saa kama 171 za mashine, kwa mashine tatu ni siku mbili na nusu hivi. Juni 23 imekwisha, Juni 24 inaunganishwa na muziki. Inawezekana, lakini ni mara moja tu. Likija badiliko lingine Juni 24, hakuna kiasi cha pesa kitakachozinunua saa hizo nyumbani kwake. Njia iliyobaki ni kukodi kompyuta za kurenda mtandaoni, zinazolipiwa kwa dola na kadi, na bei yake haimo kwenye kotesheni.

Zingatia kwamba jiwe na vigae vingeamuliwa kwenye raundi ya pili, visingegharimu shilingi. Kotesheni B inaadhibu kuchelewa kuamua.

Kwa A, jiwe na vigae vinafanyika kwa usiku mmoja, bure, na hata Juni 23 bado kuna nafasi. Roshani ndiyo kitendawili. Je, ni "dogo"? Kijana anaweza kuifanya kwa heshima tu, anaweza kutaja 150,000, anaweza kutaja 500,000. Umebanwa na tarehe, utalipa atakachotaja. Hata hivyo, hata akitaja laki tano, umefika 3,100,000, bado chini ya bei ya kuanzia ya B.

Hapo ndipo maoni yangu yanagawanyika. Kama karatasi, B ni bora kwa mbali. Kama njia ya kutengeneza video ya jengo ambalo bado linabadilika, A ndiyo inayofaa.

Mambo madogo yanayouma baadaye

"HD" ya kotesheni A iandikwe kwa namba. 1920 × 1080 inatosha kabisa kwa televisheni ya kwenye banda la Sabasaba, ambako video itazunguka siku nzima katikati ya kelele na watu watasimama hatua tatu mbele yake. Mtu akikushawishi uchukue 3840 × 2160, hizo ni nukta mara nne, na muda wa kurenda unakwenda karibu mara nne pia. Kwa B saa 300 zingekuwa kama 1,200. Idadi ya fremu kwa sekunde nayo iandikwe. Ukihama kutoka 25 kwenda 30 umeongeza asilimia 20 ya kazi kwa neno moja.

Kurenda kufanyike kwa picha moja moja, faili za PNG au EXR, kisha ziunganishwe kuwa MP4. B ameandika hivyo, A hakuandika, ingawa Lumion inaweza. Umeme ukikatika katikati ya MP4 inayoandikwa, mara nyingi faili lote halifunguki na unaanza upya. Ukikatika katikati ya picha moja moja umepoteza fremu iliyokuwa jikoni tu, na unaendelea ulipoishia. Faida ya pili ni kwamba dosari ya sekunde mbili inarekebishwa kwa fremu 50.

Kodi ya zuio: kampuni ya mwenye mradi ikilipia huduma hapa Tanzania inakata asilimia 5 na kuipeleka TRA. Kotesheni zote ziseme kama bei ni kabla ya makato. Kijana anayetarajia 2,600,000 akakuta imeingia 2,470,000 atahisi ameibiwa, na hilo huwa linajitokeza siku ya mwisho kabisa.

Malipo ya A ya asilimia 70 mwanzo ni mengi. Mgawanyo wa B wa 40, 30, 30 unakwenda na hatua: kuanza, kukubali picha nane, na kabla ya kupokea video isiyo na maandishi ya kulinda juu yake. Kuhusu faili la modeli lenyewe, hakuna aliyeliahidi, na sioni sababu ya kulidai, isipokuwa kama unajua utataka picha za mabango baadaye. Hapo liulizie bei sasa.

Ningesaini ipi

Kwa jengo hili, katikati ya Mei, jiwe la nje halijanunuliwa na kibali cha ujenzi bado kipo manispaa, ningempa kazi mtengenezaji wa A. Lakini nisingesaini karatasi yake ilivyo. Ningempelekea ukurasa mmoja wenye vifungu vya B vilivyopunguzwa: raundi tatu kwa hatua, maana ya raundi, ramani ya msingi kwa toleo na tarehe, bei ya saa ya mabadiliko ya ramani, 1920 × 1080 kwa fremu 25, picha moja moja, malipo 40, 30, 30. Badala ya "bila kikomo", ningemwandikia kurenda upya mara tatu kwa video nzima ndani ya bei, na 100,000 kwa kila usiku wa ziada. Wengi hukubali haraka, maana kwa mara ya kwanza wanaona mwisho wa kazi. Akiomba aongezewe laki tatu kwa ajili ya vifungu hivyo, ningempa, na bado ni milioni moja chini ya B.

B ningemchukua katika hali mbili. Ya kwanza ni kama ramani zimefungwa, vifaa vimechaguliwa kwa majina na namba, na kinachouzwa ni ndani ya fleti kuliko umbo la nje. Mwanga wa Cycles kwenye sebule unauza, na mnunuzi wa fleti ya bei kubwa anauona hata kama hawezi kuutaja. Ya pili ni kama mwenye mradi ana mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "imepita" kwenye zile picha nane, na wengine wakanyamaza. Kama kwako wapo watatu wenye mamlaka hayo, bei ya B isome kuwa 4,845,000 tangu mwanzo.

Kwa vyovyote vile, klipu za majaribio ziombwe wiki hii. B anahitaji picha nane ziwe zimekubaliwa kufikia Juni 10 ili aanze kurenda Juni 13 na bado abaki na zile siku mbili za akiba. Ukirudi nyuma kutoka hapo, video ya kijivu inatakiwa mezani kabla ya Mei kuisha, na modeli haiwezi kuanza kabla ya mtu kusaini.